Taa Itazima Saa Ngapi? Kutafsiri kipeperushi cha bidhaa mpya bila kuitia kampuni maneno mdomoni

Kipeperushi cha kwanza cha taa ya sola nilichotafsiri kilikuwa na kosa ambalo hakuna aliyeliona ofisini, ingawa tulikisoma mara tatu. Kiingereza kilisema taa inatoa mwanga kwa muda unaoweza kufika saa 12. Nami nikaandika: "Inawaka hadi saa 12." Fupi, safi, imekaa vizuri chini ya picha. Wiki chache baadaye, kwenye mnada mmoja huko Sengerema, wakala alikuwa akikisoma kwa sauti mbele ya meza yake, na watu waliomzunguka wakasikia alichosikia kila mwenye Kiswahili chake: taa inawaka mpaka saa kumi na mbili, yaani mpaka kunakucha. Ukiiwasha saa moja jioni, unaamka nayo. Wakanunua. Kwa mwanga mkubwa taa zile zilikuwa zinazima saa sita usiku. Mnada uliofuata, meza ya wakala ilijaa taa zilizorudishwa na watu wanaodai hela zao, na kila mmoja alikuwa na kipeperushi changu mkononi.

Kampuni haikudanganya. Kiingereza chake kilikuwa kimejikinga kwa kijineno kimoja kidogo kabla ya tarakimu. Kinga hiyo haikuvuka mpaka wa lugha, na badala yake mimi nikaandika saa ya ukutani.

Tangu siku ile nina utaratibu, na ndio ninaokupa hapa. Tuchukue taa yenyewe tuifuate mwanzo hadi mwisho: taa ndogo ya mezani yenye paneli ya wati 3, betri ya wati-saa 9.6, viwango viwili vya mwanga, na tundu la kuchajia simu. Bei ya fedha taslimu ni shilingi 45,000 za Tanzania. Anayelipa kidogo kidogo kwa simu anamaliza kwa 60,000.

Anza na madai, maneno baadaye

Usifungue kamusi kwanza. Chukua kalamu, usome kipeperushi cha Kiingereza, na upige mstari chini ya kila sentensi ambayo mteja anaweza kurudi nayo dukani akisema, "Mliniambia hivi." Hayo ndiyo madai. Mengine yote ni mapambo, na mapambo utayashughulikia kwa raha zako baadaye.

Kipeperushi chetu kilikuwa na madai saba. Taa inawaka muda unaofika saa 12. Inachaji simu. Maji hayaiingii. Inaiondolea familia moshi na maradhi yake. Inarudisha gharama yake ndani ya miezi mitatu. Imetimiza viwango vya kimataifa. Ina waranti ya miaka miwili.

Yaandike kwenye daftari, kila dai na mstari wake, na mbele yake acha nafasi mbili: moja ya ushahidi, nyingine ya jina la mtu wa kampuni anayeukubali. Kisha omba ripoti ya vipimo. Mtu wa masoko atakuambia ripoti ni ya mafundi, wewe tafsiri tu. Sisitiza. Taa hizi ndogo za sola hupimwa maabara kwa utaratibu unaojulikana, na kampuni yoyote inayozindua taa kwa dhati inayo karatasi hiyo au inajua aliye nayo. Ikiwa haipo kabisa, hiyo pekee ni habari ya kutosha kwako kabla hujaandika tarakimu yoyote.

Nilipopata ripoti ya taa yetu, saa 12 zilikuwemo, lakini kwa mwanga mdogo wa lumeni 70. Kwa mwanga mkubwa wa lumeni 180 zilikuwa saa 5. Na kulikuwa na mambo mawili ambayo kipeperushi hakikuyagusa. La kwanza, saa hizo huhesabiwa kwa siku ya jua la kiwango maalumu, kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba, ambalo ni jua zuri la kutwa. Siku ya mawingu ya masika haifiki hapo. La pili, maabara husimamisha hesabu mwanga unaposhuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo taa inaweza kuendelea kuwaka kwa unyonge baada ya hapo, na mteja akaona imemzidishia. Hilo halina madhara kwa mtu. Lile la kwanza linayo.

Kinga ya Kiingereza hukaa kwenye kijineno, ya Kiswahili hukaa kwenye sharti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tusiende mbio.

Waandishi wa matangazo ya Kiingereza wana vijineno vya kujikinga ambavyo jicho huvipita bila kuviona: "inaweza", "husaidia", "kwa kiasi kinachofika", "imebuniwa ili". Msomaji anabaki na ile tarakimu kubwa, mwanasheria anabaki na kile kijineno. Ukivileta kwenye Kiswahili vilivyo, mambo matatu hutokea, na yote ni mabaya.

"Hadi" na "mpaka" vikikutana na saa hugeuka kuwa saa ya ukutani, kama nilivyojifunza Sengerema. "Inaweza" hubadilika maana kimyakimya. Kwa Kiingereza neno hilo hupunguza uzito wa ahadi, lakini kwetu mtu akisema "taa hii inaweza kuwaka usiku kucha", anaisifia nguvu zake, kama anavyosemwa kijana anayeweza kubeba magunia mawili. Kinga imekuwa sifa. Na "husaidia kupunguza" huwa nzito mdomoni, hivyo mfasiri anayependa sentensi nyepesi huikata ikawa "hupunguza", kisha mhariri anayependa nguvu huifanya "huondoa". Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alikuwa anang'arisha sentensi.

Tena kiambishi hu- chenyewe ni mtego. "Huchaji simu" inasema jambo la kila siku, la kawaida, lisilo na shaka, kama vile jua huchomoza mashariki. Kabla hujakitumia, jiulize kama kampuni inaweza kusimama na hu- hiyo siku ya mawingu.

Dawa yake ni kuacha kutafuta kijineno cha Kiswahili cha kuziba pengo la kile cha Kiingereza. Kinga yetu ya asili ni sharti: -ki-, "kama", "endapo". Mtu wa kwetu akitaka kusema kweli kuhusu jambo linalotegemea jingine, husema "mvua zikinyesha, tutavuna". Kwa hiyo lichimbue sharti lililofichwa kwenye ripoti, ulilete juu, ulitangulize:

"Anika paneli juani kutwa. Usiku utapata masaa 5 ya mwanga mkubwa, au masaa 12 ukitumia mwanga mdogo. Siku ya mawingu muda utapungua."

Angalia kilichotokea kwenye sauti. Hatujawa waoga. Sentensi inasikika kama fundi anayemwelekeza jirani yake, na kwa mnunuzi wa mnadani sauti hiyo inauza kuliko tarakimu iliyopigiwa tarumbeta. Kipeperushi cha Kiingereza kilikuwa na sauti ya rafiki mchangamfu; cha Kiswahili nacho kina sauti ya rafiki, ila ni rafiki anayekwambia taa uianike wapi.

Utaona nimeandika "masaa". Najua. Walimu wangu wangenikata alama, kwani saa ni ya ngeli ya I-ZI na wingi wake ni saa. Lakini mtaani watu wameshagawana kazi: saa ni ya ukutani, masaa ni muda. "Utapata saa 5" inamwacha msomaji akijiuliza kama ni saa tano usiku. Mhariri wa kampuni alinifutia "masaa" mara mbili, nikairudisha mara mbili. Ikiwa kwako hairuhusiwi, andika "muda wa saa 5", na usikubali ile "muda wa" ikatwe ili mstari utoshe.

Na nyota? Vipeperushi vya Kiingereza hupenda kubandika kinyota juu ya tarakimu, kisha chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, huandika masharti. Kwa msomaji wetu kinyota ni kama hakipo, kwa sababu mara nyingi kipeperushi hakisomwi kimyakimya. Kinasomwa kwa sauti na wakala, na muuza duka, na mtoto wa darasa la sita anayemsomea bibi yake. Hakuna anayesoma kinyota kwa sauti. Sharti likae ndani ya sentensi ileile yenye tarakimu, au tarakimu iondoke.

Kweli mbili zikiwekwa pamoja

Dai la simu lilinisumbua kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kweli. Taa ina tundu, waya unaingia, simu inachaji. Picha ilionyesha simu janja kubwa ikichaji kando ya taa inayong'aa, na juu yake maneno ya saa 12.

Fanya hesabu ndogo. Betri ya taa ni wati-saa 9.6. Simu janja ya kawaida yenye betri ya miliampia-saa 5,000 inahitaji kama wati-saa 19 kujaa, yaani mara mbili ya kila kilichomo kwenye taa. Haitajaa hata taa isipowashwa kabisa. Kitochi cha miliampia-saa 1,000 kinahitaji kama wati-saa 3.7, na ukihesabu umeme unaopotea njiani, ni karibu nusu ya betri ya taa. Kwa hiyo mtu akijaza kitochi chake jioni, mwanga mkubwa uliobaki ni wa masaa mawili na nusu hivi.

Kila dai peke yake lilisimama. Yakiwekwa bega kwa bega yaliahidi kitu ambacho taa haiwezi: mwanga wa usiku mzima pamoja na simu iliyojaa. Mfasiri huona jambo hili kabla ya watu wengine wote, kwa kuwa ndiye pekee anayesoma kila sentensi polepole. Niliandika hivi:

"Ina tundu la kuchajia simu. Inajaza kitochi, simu janja inaiongezea chaji kidogo. Ukichaji kitochi usiku, mwanga utabaki kama nusu."

Mtu wa masoko alilalamika kwamba tunajipunguzia soko. Nikamwomba achaji simu yake kwa taa ile usiku mmoja nyumbani. Kesho yake aliidhinisha sentensi, ila akaomba picha ibadilishwe kwanza, na hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe. Picha nayo ni dai. Kama maneno yako yanasema kitochi na picha inaonyesha simu janja, atakayeaminiwa ni picha.

Kwa toleo la Kenya, "kitochi" kikawa "kabambe". "Koroboi" ikabaki kama ilivyo. Usijaribu kutafuta neno moja la kuwaridhisha Wamombasa na watu wa Mwanza pamoja. Utaishia na "simu ya mkononi isiyo ya kisasa", ambayo hakuna anayeimiliki.

Moshi, mapafu na mifuko ya watu

Kiingereza kilisema, kwa maneno matamu, kwamba familia iage moshi wa mafuta ya taa na magonjwa ya kifua. Hapa kuna madai mawili yaliyoshonwa kwa uzi mmoja, na kazi yako ni kuufumua. Kwamba taa ya sola haitoi moshi ni kweli isiyohitaji maabara. Kwamba magonjwa ya kifua yataondoka ni dai la afya. Kuna ushahidi wa kutosha kwamba moshi wa vibatari si mzuri kwa mapafu, lakini kampuni yetu haijampima mtu yeyote. Nyumba nyingi zinazonunua taa zinaendelea kupikia kuni au mkaa, na moshi wa jikoni ni mwingi kuliko wa koroboi. Mama akikohoa mwaka ujao, kipeperushi kitakuwa kimemdanganya.

Kiswahili kina kishawishi chake hapa. "Linda mapafu ya wanao" ni sentensi nzuri mno. Ina mlio, inamgusa mzazi. Niliiandika, nikaitazama kwa mahaba, nikaifuta. Iliyobaki ni hii: "Haina moshi, haina masizi, haina utambi. Mtoto anasoma, ukuta unabaki mweupe." Haijapungua joto, na kila kipande chake mteja anaweza kukihakikisha kwa macho. Ile ya ukuta naipenda zaidi, kwa kuwa kila aliyekulia na kibatari anaijua ile alama nyeusi inayopanda ukutani hadi darini.

Chunga pia neno "mkali". Mwanga unaosifiwa kwa Kiingereza kuwa mng'avu, kwetu ukiitwa "mwanga mkali" unaweza kusikika kama unaoumiza macho. "Mwanga mweupe wa kusomea" unatosha.

Dai la pesa lilihitaji kalamu tena. Miezi mitatu imetoka wapi? Kampuni ilikadiria nyumba inayotumia shilingi 500 za mafuta ya taa kwa siku: 15,000 kwa mwezi, 45,000 kwa miezi mitatu. Hesabu inakaa sawa kwa anayelipa taslimu, anayetumia kiasi hichohicho, na anayeacha mafuta moja kwa moja. Lakini wateja wengi hulipa kidogo kidogo, na kwao taa ni 60,000. Hiyo ni miezi minne. Anayetumia 200 kwa siku atasubiri miezi saba na nusu hata akilipa taslimu. "Inajilipa ndani ya miezi 3", kwa hiyo, ni kweli ya nyumba moja iliyovalishwa nyumba zote.

Usiilainishe kwa "takribani". Mpe msomaji hesabu aifanye mwenyewe: "Kama unatumia 500 ya mafuta ya taa kila siku, miezi 3 ni 45,000: bei ya taa hii ukilipa taslimu." Ndefu kidogo kuliko Kiingereza, ndiyo. Mwombe mpangaji wa kurasa aipe nafasi. Niliona wanawake wawili pale mnadani wakiifanya hesabu hiyo kwa vidole kwa kutumia matumizi yao wenyewe, na mmoja wao akanunua.

Maneno yanayofanana na mhuri

Kupimwa, kuthibitishwa na kuidhinishwa ni mambo matatu, na Kiingereza cha kipeperushi kilikuwa kimeyazunguka yote kwa kusema taa imetimiza viwango vya kimataifa. Rasimu ya mwenzangu ilisema "imethibitishwa kimataifa". Ripoti ilisema sampuli za taa zilipimwa maabara na zikafikia vigezo vya ubora vya taa za aina hiyo. Basi andika hivyo: "Sampuli zake zimepimwa maabara na kufikia viwango vya ubora vya taa za sola." Alama ya TBS au ya KEBS usiitaje wala kuichora mpaka umeona leseni yenye jina la bidhaa ileile, maana mara nyingine kampuni ina leseni ya taa ya zamani, na ile mpya bado iko kwenye foleni.

Kuhusu maji, kifaa kilikuwa na alama ya IPX4. Tarakimu hiyo 4 maana yake kifaa kinastahimili maji yanayokirukia kutoka pande zote. Kuzama kumo kwenye 7 na kuendelea. "Haiingii maji" kwa masikio ya mvuvi wa Ukerewe maana yake aitie majini. Sisi tukasema: "Ikirukiwa na maji haiharibiki. Usiitumbukize." Maneno matano, la mwisho ni amri, na amri fupi zinakaa vizuri kwenye kipeperushi.

Waranti niipite haraka. Iite waranti, kwa kuwa dhamana kwa watu wengi ni ya polisi au ya mkopo. Sema inahusu nini: kwetu taa na paneli zilikuwa miaka 2, betri mwaka 1, na Kiingereza kililiweka hilo la betri kwenye karatasi nyingine kabisa. Na tazama kitenzi. Kama masharti yanasema itatengenezwa, usiandike "utapewa nyingine".

Sheria ipo nyuma ya haya yote, ingawa sipendi kumtisha mteja nayo mapema. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inayokataza kumpotosha mnunuzi. Kenya ina Sheria ya Ushindani ya 2010 na ile ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Naitaja pale tu mtu wa masoko anaposema, "Lakini Kiingereza ndicho kilisema hivyo." Mnunuzi hakukisoma Kiingereza. Alichosoma, na alicholipia, ni Kiswahili chako.

Sasa ndiyo upambe

Baada ya madai kukaa sawa, sauti inakuwa kazi ya kufurahisha. Kichwa cha Kiingereza kilisema mwanga huu haukati tamaa. Nilianza na "Mwanga Usiokata Tamaa", ambao unasikika kama jina la kwaya. Nikajaribu "Kwako Hakuna Giza Tena", ikanoga, ila "hakuna tena" ni ahadi ya kila usiku, na saa sita usiku giza litarudi. "Giza Basi!" ilikuwa na mlio wa mtaani, kampuni ikaiona ya kihuni kidogo. Tukaishia na "Jua Likizama, Washa." Ina -ki- yake, ina amri, ina mizani, na haiahidi kingine ila kwamba taa inawaka.

Majigambo hayakatazwi. Watu wetu wamezoea mtu kujigamba na wanajua kupunguza chumvi wenyewe. Ukisema taa ni "fahari ya sebule", hakuna atakayeirudisha kwa sababu sebule haikupata fahari. Kipimo changu ni hiki: je, dai lenyewe mtu anaweza kulipima? Lisilopimika, jigambe. Lenye tarakimu, muda, ugonjwa, pesa au jina la taasisi, leta ushahidi. Neno linalokaa katikati ni "bora". "Taa bora" ni taa nzuri tu, lakini "taa bora Tanzania" ni ubingwa, na tofauti yake ni neno moja ambalo mbunifu anaweza kulibandika chini ya nembo bila kukuuliza. Nimeona ikitokea. Na kama kampuni inang'ang'ania kuitwa "inayoongoza", waulize inaongoza nini: mauzo, ya mwaka gani, wapi? Wakikosa jibu, linaondoka bila ugomvi.

Zungumza na msomaji mmoja, kwa "wewe": anika, washa, utapata. Zile "mteja wetu mpendwa" na "tunayo furaha kukujulisha" ziachie barua za benki.

Msomee asiyejua Kiingereza

Kabla ya kuchapa, tafuta watu watatu ambao hawajauona mswada wa Kiingereza: muuza duka, mwanafunzi, na mtu mzima anayesomewa. Msomee kila mmoja kwa sauti, mara moja, kisha funika karatasi. Usimuulize kama ameelewa. Kila mtu huelewa. Muulize, "Ukiinunua leo, kesho utanidai nini?" Andika majibu yake kama alivyoyatamka, uyaweke kando ya daftari lako la madai. Jibu lolote lisilo na mstari daftarini ni ahadi uliyoitoa bila kujua. Kwa toleo letu la pili, muuza duka alijibu, "Nitakudai paneli nyingine ikiibiwa." Tulikuwa tumeandika waranti "inahusu taa na paneli", naye akasikia bima. Tukaongeza "zikiharibika zenyewe".

Kisha mhandisi atie saini mbele ya kila mstari, na nakala ya daftari ikae na tarehe. Kampuni ikibadilisha betri mwakani bila kukuambia, saa 5 zitakuwa tarakimu nyingine, na wewe utataka kuonyesha ulipewa ipi.

Toleo la pili tulilipeleka mnada uleule. Wakala alikuwa yuleyule. Alisoma vizuri mpaka kwenye masaa 5 na masaa 12, akainua macho, akaona watu wamejaa, na kwa bashasha akaongeza la kwake: "Yaani mpaka asubuhi, ndugu zangu!" Tulimnong'oneza. Siku hiyohiyo, nyuma ya boksi la taa, tuliandika kwa kalamu nene mstari mmoja wa kumsomea kila mnunuzi anapopokea chenji: "Mwanga mkubwa, saa moja jioni mpaka saa sita usiku." Boksi lililofuata kutoka kiwandani likaja na mstari huo umechapwa.